Ganzi ya vidole vitatu, lakini kiganja kinahisi: neva imeumia wapi?

*"Shikamoo daktari. Kwenye jaribio tulipewa mama mwenye ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Nyama ya chini ya gumba imeanza kunywea, lakini ngozi ya kiganja inahisi vizuri na ngumi anafunga. Nilijibu neva ya mediani imeumia kwenye kiwiko, nikakosa. Notisi zangu zinasema mediani ni 'mkono wa baraka'. Nikariri vipi nisichanganye tena?" (Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili, Dodoma)*

Marahaba. Usikariri. Huo mstari wa notisi ndio uliokukosesha, na kila muhula nausahihisha kwenye karatasi za wengine. Unataja neva bila kutaja mahali, na neva isiyo na mahali haimsaidii mgonjwa yeyote.

Ifikirie mediani kama daladala inayoshusha abiria njiani. Likiharibika kituo fulani, walioshuka kabla wameshafika kwao. Wanaokwama ni waliobaki ndani. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: nani ameshuka wapi?

Kundi kubwa hushuka mapema, karibu na kiwiko na sehemu ya juu ya kigasha. Hapo neva inatoa matawi kwa misuli inayokunja vidole: msuli wa juu unaokunja vidole vinne, nusu ya msuli wa ndani inayohudumia shahada na kidole cha kati, na msuli mrefu unaokunja ncha ya gumba. Hapa wengi hupotea. Wanaona vidole vinajikunja, wanadhani misuli yake iko kiganjani. Haipo. Shika kigasha chako sasa hivi kwa mkono mwingine, kisha funga ngumi: kinachovimba chini ya vidole vyako ndiyo misuli yenyewe. Kinachofika mkononi ni kano tu.

Kama sentimita 5 kabla ya mkunjo wa kifundo cha mkono, anashuka abiria mmoja mdogo anayesahaulika kila mwaka: tawi la ngozi ya kiganja. Haliingii kwenye handaki la karpali, ile njia nyembamba ya kifundo inayopitisha neva na kano. Linapita juu ya paa lake, yaani ule ukanda mgumu ulionyooshwa kati ya mifupa ya upande wa gumba na ya upande wa kidole cha mwisho. Neva yenyewe inazama chini ya ukanda, ikibanana na kano 9: nane za vidole vinne na moja ya gumba. Ikitokea upande wa pili ndipo inatoa tawi la misuli midogo ya gumba na matawi ya ngozi ya vidole vitatu na nusu.

Sasa mrudie yule mama. Ngumi anafunga, kwa hiyo waliopata matawi yao karibu na kiwiko wako salama. Kiganja kinahisi, kwa hiyo hata aliyeshuka sentimita 5 kabla ya kifundo yuko salama. Walioathirika ni wale tu wanaohudumiwa baada ya handaki. Neva imebanwa ndani ya handaki, na hakuna haja ya kukariri chochote kulijua hilo. Ungemuuliza, huenda angekwambia kwamba ganzi humwamsha usiku na huukung'uta mkono mpaka ipungue. Kano zile nane zimevikwa ala moja ya pamoja, na ya gumba ina ala yake; ala zikivimba, kama zinavyovimba kwa baadhi ya wajawazito au wenye baridi yabisi, mifupa haisogei na ukanda hautanuki. Anayeumia ni neva, kwa sababu ndiyo laini kuliko wote humo ndani.

Kama neva ingekuwa imekatika kwenye kiwiko, ungemwambia afunge ngumi na shahada ingebaki imenyooka. Kidole cha kati mara nyingi hujikunja kidogo kwa kuvutwa na jirani yake, na viwili vya mwisho hujikunja kabisa kwa sababu nusu yao ya msuli wa ndani inahudumiwa na neva ya alna. Huo ndio mkono wa baraka wa mediani, na unaonekana mgonjwa *anapojaribu kufunga*. Kuna mkono mwingine unaofanana nao sana kwenye picha, wa alna iliyoumia kwenye kifundo: vidole viwili vya mwisho vimejipinda kama kucha za mwewe, na unaonekana mkono ukiwa umetulia au mgonjwa *anapojaribu kufungua*. Picha hiyohiyo, neva mbili tofauti. Anayekuonyesha picha bila kukwambia mgonjwa alikuwa ameambiwa afanye nini hajakufundisha kitu.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu mazoea haya hayaishii kwenye mtihani. Nimewahi kuletewa kijana fundi wa madirisha ya vioo, miezi mitatu baada ya kioo kumchana sentimita 3 juu ya mkunjo wa kifundo. Alikopelekwa siku ya ajali aliambiwa afunge ngumi, akafunga, akaambiwa uko sawa, akashonwa ngozi nyuzi tano na kuruhusiwa. Baadaye ganzi ilipomsumbua akaambiwa mishipa imelala, akachomwa sindano za vitamini, na mtu wa mtaani akamchua kwa mafuta ya moto. Alipofika kwangu, chini ya gumba palikuwa na bonde, na ncha ya shahada ilikuwa na kovu la kuungua kwa sufuria ambalo hakulisikia lilipotokea. Kiganja pia kilikuwa na ganzi. Kwa nini, wakati wa yule mama kilikuwa kizima? Kwa sababu kioo kilipita kabla ya handaki, mahali ambapo lile tawi dogo linakwenda sambamba na neva, vikakatwa vyote viwili.

Na ngumi alifunga, ndiyo. Kioo hakikufika kwenye kano, na misuli ya ngumi ilishapata matawi yake juu kule. Ngumi haikuwa na cha kutueleza kuhusu neva kwenye kifundo.

Jeraha la kifundo linapimwa hivi, na halichukui hata dakika mbili. Gusa ncha ya shahada kwa mediani, ncha ya kidole cha mwisho kwa alna, na ngozi ya mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada kwa neva ya redio. Kisha laza mkono mezani, kiganja juu, mwambie aelekeze gumba darini huku wewe ukilisukuma chini. Asipoweza, tawi la misuli ya gumba halifanyi kazi. Haya yote yafanywe kabla ya kuchoma dawa ya ganzi. Nimeona madokezo yaliyoandikwa "hisia zimepungua" na sindano ya lignokeni ilishapigwa robo saa kabla. Maandishi hayo hayana thamani, kwa sababu hakuna ajuaye kama ni kioo au ni sindano.

Neva iliyoshonwa hukua kama milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa bila neva mwaka mmoja hadi mmoja na nusu haurudi hata neva ikiufikia. Yule kijana alikuwa na takriban sentimita 8 za kwenda mpaka kwenye misuli ya gumba, karibu miezi mitatu ya safari. Angeshonwa neva siku ileile, siku aliyokaa mbele yangu ndiyo ingekuwa siku ya kutazamia gumba lianze kunyanyuka.