Mstari wa pili uliofifia: kipimo kilichokauka hakisomwi

Nilipima mkojo saa nne usiku, nikasubiri dakika tano, ukatoka mstari mmoja tu. Asubuhi nimekiokota kwenye ndoo ya taka nikakuta mistari miwili, wa pili umepauka. Nina mimba au sina? – Msomaji, Tukuyu

Jibu lako ulilipata saa nne usiku. Ulichookota asubuhi si kipimo tena, ni uchafu uliokauka, na ningeomba wasomaji wangu mwache kupekua ndoo za taka. Swali hili naletewa karibu kila mara, na karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti inalijibu, ila wengi huichana pamoja na pakiti.

Kwenye ule utepe mweupe, pale kwenye T na pale kwenye C, kiwandani wamekwisha kupaka kingamwili kwa mistari miwili usiyoiona. Mkojo ukipanda hubeba chembe ndogo zenye rangi nyekundu, ambazo kazi yake ni kuikamata homoni ya mimba, hCG. Homoni ikiwepo, chembe hizo hunaswa kwenye T na wekundu unajikusanya hapo. Isipokuwepo, zinapita na kwenda kusimama kwenye C. Sasa mkojo ukikauka, maji yanaondoka, chumvi na mabaki ya rangi yanabaki. Pale palipopakwa kingamwili karatasi haiko sawa na pembeni yake, basi panaonekana kama kivuli. Kivuli hicho ni cha kijivu au hakina rangi kabisa, mara nyingi chembamba kama uzi. Mstari wa kweli una rangi ileile ya C hata kama ni nyepesi, una upana uleule kutoka ukingo hadi ukingo, na unatokea ndani ya muda ulioandikwa. Vipimo vingi husema dakika 3 hadi 5, na baada ya dakika 10 usisome tena.

Mstari uliochelewa hauthibitishi mimba, wala haukanushi, kwa sababu mara chache homoni kidogo sana nayo hujitokeza kwa kuchelewa. Kwa hiyo pima upya baada ya siku mbili, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Na kwa unyevu wa huko kwenu Tukuyu, pakiti ichanwe dakika hiyohiyo unapopima. Utepe uliofunguliwa tangu jana umekwisha kunywa unyevu wa hewa, na unaweza kukudanganya.

Je, naweza kuthibitisha kwa kuweka chumvi au sukari kwenye mkojo? – Dada wa Mbalizi

Hapana. Chumvi ipelekeni jikoni.

Hedhi imechelewa siku tatu. Mstari wa pili ulitokea dakika ya nne, una wekundu lakini umefifia sana. Nimepima tena jioni, haukolei. Kipimo kibovu? – Msomaji, Mafinga

Kipimo ni kizima, dada yangu. Mstari ukiwa na rangi na umetokea ndani ya muda, uwezekano mkubwa ni kwamba una mimba, ila ni changa. Vipimo vingi vya mkojo vinavyouzwa madukani huanza kuona hCG inapofika kama 25 (kwenye karatasi ya majibu utaona kipimo hicho kimeandikwa mIU/mL). Ukiwa juu kidogo tu ya hapo, mstari lazima uwe hafifu.

Kosa ni kupima jioni ukitegemea mstari ukolee. Mchana kutwa umekunywa chai na maji, mkojo umekuwa mwepesi na homoni iliyomo imepungukiwa nguvu, ingawa kwenye damu inaendelea kupanda. Tena weusi au wepesi wa mstari si mizani. Utepe mmoja una rangi nyingi, mwingine kidogo, hata zikiwa za kiwanda kimoja. Wale mnaopanga tepe sita kwenye kitambaa mkilinganisha rangi, mnalinganisha tepe, hamlinganishi mimba.

Subiri saa 48, upime asubuhi. Mstari ukipotea na hedhi ikaja, huenda ilikuwa mimba iliyotunga ikatoka mapema mno kabla hata haijaonekana kwenye altrasaundi. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na si kwa sababu ulibeba ndoo. Ukitaka kujua mapema, kapime damu, lakini soma kwanza jibu la dada wa Njombe hapo chini.

Na hili hukuniuliza: usikubali muuza dawa yeyote akupe vidonge vya "kurudisha hedhi" wakati hujui kama una mimba na kama iko mahali pake. Wapo wanaokuja hospitali wakiwa na mimba nje ya kizazi huku wameshameza vidonge hivyo, na damu waliyoiona iliwafanya waamini mambo yamekwisha.

Mchumba wangu kanitumia picha ya kipimo chenye mstari hafifu. Nimeikuza kwenye simu naona kama upo, kama haupo. Nakutumia uitazame. – Kijana, Mwanjelwa

Sitazami. Simu hurekebisha mwanga yenyewe, taa ya chumbani hubadili rangi, na picha haisemi ilipigwa dakika ya ngapi. Mpeleke mwenzio maabara na ulipie wewe.

Zahanati walinitoa damu wakaniambia "positive", hawakuandika namba. Mume wangu anasema damu haidanganyi. – Msomaji, Njombe

Mume wako ana haki kuhusu damu, ila muulizeni waliipimaje. Sehemu nyingi wanachofanya ni hiki: wanaichukua damu, wanaizungusha kwenye mashine hadi yale maji ya njano yatengane na chembe nyekundu, kisha wanatumbukiza humo utepe uleule ambao ungenunua dukani. Si wizi, maana tepe nyingi zimetengenezwa ziweze kupima mkojo na maji hayo ya damu. Lakini mipaka yake ni ileile: 25 ileile, macho yaleyale ya mtu anayebishana na kivuli. Umetobolewa mkono kwa jibu ambalo kikombe cha mkojo kingekupa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kuhesabu homoni, yaani hCG ya kiwango, wengine huiita beta-hCG. Kinafanywa na mashine na majibu yake ni namba. Chini ya 5, kwa kawaida hakuna mimba. Juu ya 25, homoni ipo, na kivuli cha kwenye karatasi hakihusiki tena. Katikati ya 5 na 25 ni eneo la kusubiri: unarudia baada ya siku mbili, hakuna mtu mwenye akili anayekutangazia chochote hapo. Mwanamke ambaye hedhi yake imeshachelewa na ana mimba, kwa kawaida namba itakuwa imepita hapo.

Si kila maabara ina mashine hiyo. Kabla ya kupanda gari kwenda Makambako au Iringa mjini, piga simu na uulize hivi: "Mnapima hCG mkatoa namba, au mnatumia utepe?" Atakayekasirika kwa swali hilo, mwache, nenda kwingine.

Mstari hafifu Alhamisi. Ijumaa nikapima damu Mbeya mjini, 62. Jumatatu nikarudia hapohapo, 71. Wameniambia hongera, inapanda. Altrasaundi haikuonyesha kitu. Upande wa kushoto unavuta kidogo ila bibi anasema ni mchango. – Mwenye wasiwasi, Uyole

Mdogo wangu, nenda hospitali leo, gazeti utalimalizia njiani.

Tuhesabu pamoja. Namba ikiwa ndogo hivi, mimba inayokwenda vizuri huongeza hCG yake karibu maradufu kila siku mbili hadi tatu. Hata zile zinazokwenda polepole zaidi na bado zikawa salama, wataalamu hutegemea angalau nusu iongezeke ndani ya saa 48. Ulianza na 62. Nusu yake ni 31, kwa hiyo Jumapili ulitakiwa uwe umefika 93 kwa uchache. Jumatatu, siku moja zaidi, ungepita 100. Wewe una 71. Umeongeza 9 kwa siku tatu. Kupanda kwa namna hiyo si hongera. Aliyekupongeza aliangalia kwamba namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, akaishia hapo.

Namba inayojivuta hivi mara nyingi ina maana mbili: mimba iko ndani ya kizazi lakini inashindwa, au imetunga nje ya kizazi, kwa kawaida kwenye mrija. Damu peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Na altrasaundi tupu isikutulize. Kifuko cha mimba hakitegemewi kuonekana, hata kwa kipimo cha kuingizwa ukeni, mpaka hCG ifike kama 1,500 hadi 3,500. Kwa 71, kizazi kitupu ni sawa na kutoangalia. Pia usidanganywe kwamba namba ndogo haina hatari. Mrija unaweza kupasuka hCG ikiwa chini.

Kuhusu mchango, namheshimu bibi yako, lakini mwanamke mwenye mstari wa pili na maumivu ya upande mmoja haugui mchango mpaka mimba nje ya kizazi iondolewe kwenye orodha. Toka hapo Uyole nenda kitengo cha wazazi Meta, hospitali ya rufaa ya kanda, ukiwa na karatasi zote mbili, tarehe na saa ya kila kipimo vikiwa vimeandikwa. Watakupima upya, na ikigundulika mapema kuna wanaotibiwa kwa sindano bila kupasuliwa. Ukiona kizunguzungu, kuzimia, maumivu makali ya ghafla tumboni au maumivu kwenye ncha ya bega, usingoje daladala. Bega huuma kwa sababu damu imemwagika tumboni, wala hujalilalia vibaya.

Ulifanya jambo moja vizuri: ulirudia maabara ileile. Mashine mbili tofauti zinaweza kutofautiana kwa damu ileile, na ungeenda kwingine tusingejua kama tofauti ni ya mimba au ya mashine.

Nachoma sindano ya Depo. Inaweza kuleta mstari wa uongo? – Msomaji, Vwawa

Haiwezi, Depo haina hCG ndani yake. Wala antibayotiki na vidonge vya uzazi wa mpango. Sindano inayoweza kufanya hivyo ni ile ya hCG yenyewe wanayochomwa wanaotibiwa ugumba, na aliyekuchoma hiyo atakuwa amekuambia usubiri takriban wiki mbili.

Mimba iliharibika wiki tatu zilizopita, nikasafishwa. Leo nimepima, mstari hafifu lakini una rangi. Ni mpya? – Mama, Kilolo

Pole sana, mama. Inawezekana ni mabaki ya homoni ya ile iliyotoka, kwa sababu hCG huweza kuchukua wiki nne hadi sita kwisha mwilini, na utepe hauwezi kutofautisha ya zamani na mpya. Pima damu kwa namba mara mbili, ukiacha siku mbili katikati. Ikishuka, ni ya zamani, na iendelee kufuatiliwa mpaka ifike chini ya 5. Ikigoma kushuka au ikipanda, rudi kwa waliokusafisha na uulize kama kuna kilichobaki, na kama kile kilichotolewa kilipelekwa kuangaliwa maabara.