Katibu mpya, uliza kwanza: theluthi mbili ya nani?

Nilipopewa ukatibu wa kamati ya wajumbe 35 hapa Dodoma, nilidhani kuhesabu kura ni kuhesabu mikono tu. Kikao cha kwanza cha kubadili katiba ya chama walikuja wajumbe 22. Mikono 20 ikanyooka, mwenyekiti akagonga meza, tukapiga makofi. Wiki mbili baadaye mzee mmoja mstaafu akanikalisha na katiba yetu mkononi: "Mwanangu, soma hapa. Theluthi mbili ya wajumbe wote."

Theluthi mbili ya 35 ni 23 na kipande. Kwa kuwa hakuna kipande cha mtu, unapanda hadi 24, hushuki hadi 23. Maana yake siku ile hata wote 22 wangesema ndiyo, hoja isingepita. Tulipaswa kuahirisha kabla ya kufungua mjadala.

Kama katiba ingesema "waliohudhuria na kupiga kura", hesabu ingegeuka kabisa. Kati ya wale 22, wawili hawakupiga kura, wakabaki 20. Theluthi mbili yake ni 14. Hoja ile ile, ukumbi ule ule, 14 au 24. Katiba ya nchi nayo hutenganisha mambo haya: ibara ya 94 inaweka akidi ya Bunge kuwa nusu ya wabunge wote, na maamuzi ya kawaida hupita kwa wingi wa kura za waliohudhuria na kupiga kura. Kubadili Katiba kwenyewe, ibara ya 98, kunadai theluthi mbili ya wabunge wote.

Akidi kwetu ni nusu, yaani 18. Wakiwa 18 na wote wakapiga kura, hoja ya kawaida inahitaji 10. Tisa kwa tisa si ushindi. Kwa hiyo watu kumi wanaweza kuamua kwa niaba ya 35, na ni halali. Mimi binafsi hainipendezi, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Angalia pia saa. Kikao kimoja tulianza na 19, ilipofika saa tisa wawili wakanyanyuka kimyakimya kuwahi basi la Mpwapwa. Tukabaki 17, na hakuna aliyesema neno. Rejista ya asubuhi haikusaidii hapo. Hesabu vichwa tena kabla ya kila kura.

Na kama nafasi mbili ziko wazi, "wajumbe wote" ni 35 au 33? Ya 33, theluthi mbili ni 22. Katiba isipofafanua, kubalianeni na muandike kwenye muhtasari kabla ya kura, kwa sababu baada ya kura kila upande utachagua namba inayoufaa.

Kikao cha marudio nilipiga simu kwa wajumbe wote siku tatu mfululizo. Muhtasari wake ninao hadi leo: waliohudhuria 27, ndiyo 24, hapana 2, asiyepiga kura 1.