Taarifa ya wathibiti ubora iingie kikaoni kwa ukurasa mmoja

Swali la wiki: "Wathibiti ubora wa shule wametuachia taarifa ya kurasa 24, na kikao cha walimu ni Ijumaa. Niifupisheje ili kila mwalimu aone tulipo imara, tulipo dhaifu na anachotakiwa kufanya?"

Anza na ushauri, mwalimu mkuu, usianze na ukurasa wa kwanza. Taarifa ya tathmini ya jumla imepangwa eneo kwa eneo: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na ujifunzaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule, ushiriki wa jamii. Ukiifupisha kwa mpangilio huohuo utapata taarifa ileile, fupi kidogo, na walimu watasikiliza maeneo sita bila kujua lipi ni lao. Ushauri ndio wathibiti watakaoulizia wakirudi kwa ufuatiliaji. Kwa hiyo chukua kila ushauri, hata ule uliojificha katikati ya aya, uandike peke yake kwenye kipande cha karatasi, na juu yake uandike unamhusu nani: mwalimu mkuu na walimu, kamati ya shule na wazazi, afisaelimu kata, au halmashauri.

Kisha tenganisha marundo. Rundo la kwanza tu ndilo la kikao cha walimu.

Hapa ndipo vikao vingi hupotelea. Tuseme shule ni ya msingi, ina wasichana 320 na wavulana 310, na taarifa inasema matundu ya vyoo ni 5 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Kwa kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, shule inahitaji 16 na 13, maana yake imepungukiwa na matundu 11 upande mmoja na 7 upande wa pili. Ni udhaifu mkubwa, na jambo hilo liende kwa kamati ya shule na kwa mkurugenzi kwa barua yenye hesabu hiyo. Likiingia kwenye kikao cha walimu litachukua nusu saa, kila mtu atachangia kwa uchungu, na hakuna mwalimu atakayetoka na kazi ya kufanya Jumatatu. Kinachobaki kwa walimu ni kile kilicho mikononi mwao: zamu ya usafi na ndoo za maji ya kunawa. Hicho kipe mstari mmoja, halafu songa mbele.

Sasa kila kipande cha rundo la kwanza kirudishe nyuma, hadi kwenye ushahidi wake ndani ya taarifa. Nitaonyesha kwa mfano mmoja, kwa sababu sehemu hii ndiyo yenye kazi. Tuseme ushauri unasema: "Mwalimu mkuu ahakikishe wanafunzi wanapewa mazoezi ya kutosha na yanasahihishwa." Ukirudi kwenye eneo la ufundishaji unakuta aya hii: "Katika vipindi 9 vilivyoangaliwa, walimu 7 walikuwa na maandalio ya somo. Hata hivyo, katika vipindi 6 wanafunzi hawakupewa zoezi, na madaftari ya baadhi ya masomo hayakusahihishwa." Mtu mwenye haraka ataandika "Mazoezi hayatolewi" na kuishia hapo. Usiishie hapo. Fungua eneo la mafanikio ya wanafunzi, utakuta wanafunzi 40 wa darasa la III walipimwa kusoma na 14 hawakumudu aya fupi. Fungua eneo la mazingira, utakuta darasa hilohilo la III lina wanafunzi 118 katika chumba kimoja, wakati kiwango ni 45.

Hayo si mapungufu matatu. Ni moja, limetawanywa kwenye maeneo matatu kwa sababu ya namna taarifa ilivyopangwa. Zoezi halitolewi kwa sababu mwalimu anajua hatamaliza kulisahihisha, na mtoto asiyejua kusoma hagunduliki kwa sababu hakuna daftari linalomwonyesha. Ukiyaunganisha, walimu wanaona sababu. Ukiyaacha matatu, wataona lawama tatu. Taarifa yenyewe mara nyingi haitamki sababu, inataja kilichoonekana tu, na sababu huwa imekaa kwenye eneo jingine kabisa. Kuitafuta ni kazi ya anayefupisha. Lakini uiandike kama maoni ya shule na usiitie mdomoni mwa wathibiti. Weka neno "tunaona" mbele yake.

Udhaifu ukishapata sababu, hatua inabadilika. "Walimu wote wasahihishe madaftari yote kila siku" ni hatua inayovutia kwenye karatasi, lakini piga hesabu: madaftari 118 kwa dakika moja kila moja ni karibu saa 2, kwa somo moja, kwa siku moja. Ikifika wiki ya pili hatua hiyo itakuwa imekufa, na mwalimu atakuwa amejifunza kuweka alama ya vema bila kusoma, jambo ambalo ni baya kuliko kutosahihisha. Hatua inayobebeka ni hii: kila kipindi cha Kiswahili na Hisabati kuanzia darasa la III kiwe na zoezi la maswali yasiyozidi 5. Darasa ligawanywe makundi matatu, na kila siku mwalimu akusanye madaftari ya kundi moja, kama 40 hivi, ayasahihishe mwenyewe. Makundi mengine mawili yabadilishane madaftari mwalimu akiandika majibu ubaoni. Kwa mpango huo kila mtoto anaguswa na kalamu ya mwalimu angalau mara moja kwa wiki, na kazi ya kusahihisha somo hilo haizidi dakika 40 kwa siku.

Hatua hiyo ipate mwenye nayo, tarehe, na namna ya kujua imefanyika. Kwa mfano huu, mwalimu wa taaluma kila Ijumaa achukue madaftari 10 ya darasa moja bila kuchagua, aangalie kama lipo zoezi la wiki hiyo lenye alama ya mwalimu na kama mtoto amefanya masahihisho yake. Manane kati ya kumi yakiwa hivyo, hatua inaenda. Mawili nimeyaachia watoto waliokuwa watoro au wagonjwa. Bila kipimo cha namna hii, mthibiti atakaporudi utamjibu "tunaendelea kulifanyia kazi", naye ataandika udhaifu uleule.

Kwa upande wa uimara, usiokote sifa. Taarifa nyingi zina sentensi za heshima kama "walimu wana ushirikiano mzuri", na sentensi hiyo haina cha kushika. Uimara wa kuweka kikaoni ni ule wenye ushahidi, na ambao shule inaweza kuutumia kuziba udhaifu. Kwenye mfano wetu upo, na umelala katika aya ileile ya lawama: walimu 7 kati ya 9 walikuwa na maandalio ya somo. Kama maandalio yapo, safu ya upimaji ipo, basi zoezi la maswali 5 liandikwe humo tangu mwalimu anapoandaa somo, na asianze kulitafuta kengele ikikaribia kulia. Hapo uimara unaingia moja kwa moja kwenye hatua, na mwalimu anayeandaa masomo vizuri anaona kazi yake imethaminiwa kwa jambo halisi.

Chunga sana maneno ya kiasi. "Baadhi", "wengi", "wachache" na "6 kati ya 9" hayabadilishani. Kupandisha "baadhi ya masomo" kuwa "masomo yote" kunawaonea walimu waliofanya kazi yao, nao watajitoa mapema kwenye mjadala. Kushusha ni kubaya vilevile. Neno ninaloomba lisionekane kabisa kwenye ukurasa huo ni "changamoto". Taarifa ikisema hali hairidhishi, andika hairidhishi. "Changamoto ya usahihishaji" haimwambii mwalimu kama kitu hakikufanyika, kilifanyika kidogo, au kilishindikana.

Na kuna suala la heshima ya mtu. Taarifa haitaji majina, lakini shule ikiwa na mwalimu mmoja tu wa Hisabati darasa la V, sentensi "kipindi cha Hisabati darasa la V hakikuwa na zana" imeshamtaja mbele ya wenzake wote. Ushahidi wa namna hiyo usiuweke kwenye ukurasa wa kikao. Uunganishe na vipindi vingine ("vipindi 4 kati ya 9 havikuwa na zana"), na kabla ya Ijumaa kaa na mwalimu huyo ofisini, umsomee aya yenyewe kama ilivyoandikwa. Akiisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake, atatetea kipindi chake badala ya kusaidia shule, na kikao kitamfuata yeye.

Ukurasa wenyewe uwe mmoja, upande mmoja. Uimara mitatu, udhaifu usiozidi minne, na chini ya kila udhaifu hatua yake, mwenye nayo, tarehe na kipimo. Ukiwa na udhaifu saba, rudi ukatazame: karibu kila mara kuna miwili au mitatu yenye mzizi mmoja, kama tulivyoona darasa la III. Ikibaki mingi bado, chagua ile inayogusa kujifunza kwa mtoto moja kwa moja, na iliyobaki ipangie kikao cha mwezi unaofuata, ukiandika tarehe yake palepale ili mtu asidhani imefichwa. Kila mstari uwe na namba ya ukurasa wa taarifa ulikotoka, na taarifa nzima iwe mezani siku hiyo. Mwalimu anayebisha apewe nafasi ya kufungua na kusoma mwenyewe.

Ukurasa uwafikie walimu siku moja kabla. Kikaoni usiusome neno kwa neno. Tumia dakika 10 kwa uimara na udhaifu, na muda wote uliobaki uwe wa hatua, hasa swali hili kwa kila mwenye kazi: nini kitakuzuia? Kwenye mfano wetu mwalimu wa darasa la III atasema hana pa kuweka madaftari 118, au watoto 20 hawana madaftari kabisa. Hayo hayamo kwenye kurasa 24, na ni heri kuyasikia Ijumaa. Yaandike kwenye muhtasari wa kikao pembeni ya hatua husika, rekebisha tarehe kama inabidi, halafu ukurasa uliorekebishwa ndio uhamishiwe kwenye mpango wa maendeleo wa shule na kubandikwa ofisi ya walimu, pamoja na karatasi tupu ya mwalimu wa taaluma ya kujazia hesabu ya madaftari 10 ya kila Ijumaa.