Je, opsheni za baineri ni sawa na opsheni za soko la hisa?

Swali: Niliweka dola 250 kwenye tovuti ya opsheni za baineri nikapewa bonasi ya dola 250 nyingine. Msimamizi wa akaunti yangu anasema hizi ni opsheni zilezile za soko la hisa, ila zimerahisishwa kwa wanaoanza. Sasa nataka kutoa fedha zangu, naambiwa masharti ya bonasi hayajatimia. Nitajuaje kama ni utapeli?

Jibu: Msimamizi huyo amekudanganya, na kwanza ningekuomba usiongeze hata dola moja.

Opsheni ya soko la hisa ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, kabla au siku ya mwisho ya mkataba. Tuseme hisa inauzwa dola 50, nawe unanunua haki ya kuinunua kwa dola 50 hizo, kwa gharama ya dola 2 kwa kila hisa. Nchini Marekani mkataba mmoja wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo umelipa dola 200. Siku ya mwisho hisa ikiwa dola 55, mkataba una thamani ya dola 500. Ikiwa dola 51, thamani yake ni dola 100 na umepoteza nusu tu. Ikiwa chini ya 50, dola zako 200 zimekwenda, lakini hudaiwi zaidi. Kabla ya siku hiyo unaweza kuuuza mkataba kwa mtu mwingine sokoni, kwa bei ambayo kila mshiriki anaiona. Malipo nayo hayategemei uaminifu wa aliyekuuzia, kwa kuwa katikati yenu inasimama taasisi inayodhamini mikataba yote, ambayo huko Marekani ni Options Clearing Corporation.

Kwenye tovuti yako ya opsheni za baineri hakuna haki ya kununua chochote. Unabashiri kama bei itapanda au itashuka, mara nyingi ndani ya dakika moja, na ukikosea unapoteza dau lote. Anayepokea dau ni tovuti yenyewe, kwa hiyo hasara yako ndiyo faida yake, na ni tovuti hiyohiyo inayokuonyesha bei na kuamua saa imeishia wapi. Wasimamizi wa masoko wa Marekani wamewahi kuonya kuhusu tovuti zinazochezea programu ili muda wa dau linaloelekea kushinda urefushwe mpaka bei igeuke.

Hata pasipo hila hiyo, hesabu iko dhidi yako. Tuseme ukishinda unalipwa asilimia 85 ya dau. Ili usipate hasara, ni lazima ushinde angalau mara 55 katika kila dau 100, jambo gumu mno kwa mabadiliko ya bei ya dakika moja.

Sasa tuiangalie bonasi, kwa sababu hapo ndipo mtego wako ulipo. Masharti yake kwa kawaida hukutaka ucheze dau zenye jumla ya mara nyingi ya bonasi kabla ya kutoa fedha. Tuchukue mara 30: dola 250 mara 30 ni dola 7,500. Ukishinda nusu ya dau hizo kwa malipo yaleyale ya asilimia 85, utapata dola 3,187.50 na kupoteza dola 3,750, yaani hasara ya dola 562.50. Akaunti yako yote, pamoja na bonasi, ni dola 500. Sharti hilo limewekwa ili fedha ziishe kabla halijatimia, na kwangu mimi linatosha peke yake kuihukumu tovuti.

Leseni unaweza kuikagua mwenyewe. Chukua jina na namba iliyotajwa, uitafute katika tovuti ya mamlaka husika uliyoifungua mwenyewe, si kwa kiungo walichokutumia, kisha ulinganishe anwani ya tovuti na namba ya simu, maana wapo wanaoiba jina la kampuni halali. Anayedai leseni ya Uingereza kuuzia watu wa kawaida bidhaa hii anasema uongo waziwazi, kwani FCA, mamlaka inayosimamia masoko ya fedha huko, ilipiga marufuku kabisa kuwauzia tangu Aprili 2019. Australia ilifanya hivyo Mei 2021. Marekani inaruhusu opsheni za baineri, lakini kwenye masoko machache yaliyosajiliwa tu.

Omba kutoa fedha kwa maandishi, uhifadhi mazungumzo yote na picha za akaunti. Kama ulilipa kwa kadi, wasiliana mapema na benki iliyoitoa upinge malipo hayo, kwa sababu muda wa kupinga una kikomo. Wakikuambia ulipe kwanza kodi au ada ili fedha zifunguliwe, usilipe: ada halali ingekatwa kwenye salio lako. Na baada ya wiki kadhaa akikupigia mtu anayeahidi kukurejeshea fedha kwa malipo ya awali, mkatie simu, kwa kuwa mara nyingi orodha ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, au ni walewale wamerudi kwa jina jipya.