Chokaa ikikurukia jichoni, usikimbilie hospitali kabla ya kuosha

Tulikuwa tunaloweka chokaa kwenye pipa lililokatwa nusu, asubuhi ya Jumamosi, nyumba ikiwa imebaki kupakwa tu. Saidia fundi wangu alikuwa anakoroga kwa kipande cha mbao. Mbao iligonga ukingo wa pipa, ikaruka kama rungu, na tonge la chokaa likamwingia jicho la kulia. Alipiga ukelele, akaziba jicho kwa viganja vyote viwili, viganja vyenyewe vikiwa vimejaa chokaa.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alitaka maji ya sukari. Mwingine alisema limau, kwa kuwa limau hukata ukali wa chokaa. Mama wa jirani, kwa huruma kabisa, alikuwa tayari na kikombe cha maziwa. Na mwenye nyumba alishawasha gari, anapiga honi, twende zahanati. Ni dakika kumi tu kwa gari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamshika kijana mkono nimpeleke garini, na hilo ndilo lingekuwa kosa kubwa kuliko la limau.

Chokaa na saruji si kama tindikali ya betri. Tindikali huunguza nyama ya juu, na ile nyama iliyoungua ikaganda, ikawa kama ukuta unaoizuia isizame haraka. Chokaa haigandishi, inayeyusha. Hugeuza mafuta ya ngozi ya jicho kuwa kitu kama sabuni, ndiyo maana ukiishika kwa mikono mibichi unahisi utelezi. Kwa hiyo inazidi kuzama ndani kila dakika inayopita, hata wakati mgonjwa amekaa kimya kwenye kiti cha gari. Zile dakika kumi za njiani bila maji ndizo zinazoharibu jicho. Tindikali nayo huoshwa papo hapo vilevile, ila chokaa ndiyo isiyosamehe.

Tulichofanya ni hiki. Tulimlaza chali juu ya mbao, kichwa kimeegemea upande wa kulia, upande wa jicho lililoumia, ili maji yateremke kuelekea sikioni yasivuke pua kwenda jicho zima. Kabla ya hapo nilisuuza mikono yangu na yake, nikampangusa usoni ile chokaa iliyobaki ili isiteremke na maji. Sekunde chache tu. Kama ni unga mkavu uliomwagikia uso, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha maji mengi mara moja.

Maji tuliyotumia yalitoka bombani, kwenye ndoo safi. Naomba hapa uwe makini, maana kwenye saiti kuna ndoo zinazodanganya. Ndoo ya kuoshea mwiko na beseni ya fundi ina maji yaliyotulia juu, meupe kidogo, ukiyaona unasema ni maji. Hayo ni chokaa na saruji nyingine. Ila kama huna bomba, maji ya kisima au ya kunywa ya chupa yanafaa. Usipoteze muda kutafuta maji ya dripu wala kuchemsha. Vijidudu daktari atavishughulikia baadaye. Maji yasiwe ya moto, na yakiwa ya baridi kupita kiasi kijana atashindwa kuvumilia.

Sasa kazi ngumu. Jicho lililoungua linajifunga lenyewe, hata mwenyewe akitaka kulifungua hawezi. Ukimwagia maji juu ya kope zilizofumba unaosha uso tu. Inahitaji watu wawili, mmoja wa kumwaga na mmoja wa kushika kope. Vidole vibichi vinateleza, kwa hiyo nilichukua pembe kavu ya kanga, nikavuta kope ya juu kuelekea kwenye nyusi na ya chini kuelekea shavuni, nikikandamiza kwenye mfupa na si kwenye mboni. Mwenzangu akamwaga kwa jagi, polepole, kutoka sentimeta chache, kuanzia pembeni mwa pua. Si kwa nguvu, wala si kumlenga katikati ya jicho moja kwa moja. Tukawa tunamwambia atazame juu, chini, kushoto, kulia, ili maji yafike kila kona.

Kwa mwendo huo, lita moja inaisha kwa dakika moja hivi. Ndoo ya lita 20 ni dakika 20. Chupa ya lita moja na nusu uliyonayo kwenye begi ni mwanzo tu, haimalizi kazi. Kwa chokaa usikubali chini ya dakika 30, ndoo moja na nusu. Weka simu yako mahali uione saa, kwa sababu dakika tano za kilio zinahisiwa kama nusu saa.

Ndoo ilipofika nusu, kijana alisema amepata nafuu, akataka kuinuka. Nilimkatalia. Maumivu kupungua hayaonyeshi kwamba chokaa imeisha, na kwenye jicho lililoungua vibaya neva za juu huweza kufa, mtu asihisi chochote. Nilimwambia atazame chini, nikashika kope ya juu kwa nywele zake ndefu, nikaikunja juu ya kijiti cha pamba. Ndani kulikuwa na chembe nyeupe, kama pumba ya mchele, imenata. Chembe hiyo ni ghala dogo, inaendelea kutoa ukali wake kwa muda wote ilipo. Nilimwaga maji ikalegea, nikaiokota kwa ncha ya pamba iliyoloa. Kama huwezi kukunja kope, usilazimishe, endelea kuosha tu. Kama kitu kimejichoma ndani ya jicho, usikiguse. Mwenye lenzi azitoe wakati maji yanaendelea kutiririka, zikikataa aziache.

Limau, siki, maziwa na sukari viache. Limau ni tindikali juu ya jeraha, na muda wa kulikamua ni muda ambao maji hayamwagiki. Usimpake dawa ya matone ya dukani, usilifunge kwa kitambaa cha kubana, wala asilisugue.

Tulipoondoka, nilikaa naye kiti cha nyuma na chupa mbili, nikimwagia njia nzima, taulo begani. Kiti kililowa, mwenye gari hakusema neno. Mmoja wetu alibeba kipande cha mfuko wa chokaa chenye maandishi.

Zahanati, muuguzi alimwekea ukanda mdogo wa karatasi ndani ya kope ya chini. Ukageuka bluu, ishara kwamba ukali wa chokaa bado upo. Baada ya nusu saa nzima ya maji! Alimwosha tena kwa dripu, akasubiri dakika tano, akapima tena, mpaka rangi ikakaa sawa, ndipo akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho siku ileile. Jicho lilikuwa jekundu sana, na daktari alifurahia wekundu huo. Jicho baya, alituambia, ni lile linalogeuka jeupe kama kauri kuzunguka mboni, maana mishipa ya damu imekufa.

Ukifika mapokezi, usiseme tu "jicho linauma" ukapewa namba ya foleni. Sema "chokaa imeingia jichoni", taja saa iliyoingia na umeosha kwa dakika ngapi, uombe wapime na kutazama chini ya kope ya juu.