Shairi la mdogo wangu mwenye sonona

«Mdogo wangu hapa Jinja ana sonona, na anasema Mungu hamsikii tena. Nimwandikie shairi gani lisilomdanganya?»

Ndugu yangu, mimi ningemwandikia ubeti mmoja tu wa tarbia, kwa sababu mgonjwa wa sonona huchoka kusoma:

Najua umo gizani, dua hazijasikika,
Asubuhi kitandani, mwili wako umechoka,
Sikuhimizi imani, nami shaka hunishika,
Nipo hapa mlangoni, na uji wako wafuka.

Kila kipande kina mizani 8, lakini kazi kubwa imo katika mpangilio wa mishororo. Miwili ya kwanza inakiri giza bila kulipunguza, na wa tatu unaepuka amri kama «amini» au «jikaze», ambazo yeye huzisikia kama lawama. Kituo nilikiandika kwanza kikisema «kesho kutapambazuka», nikakifuta, maana hiyo ni ahadi nisiyoweza kuitimiza, ilhali uji wa moto anaweza kuuona ukitoa mvuke. (Usiandike uji kama hutaupika!)

Mpelekee kwa mkono, kisha uketi naye hata akinyamaza. Hata hivyo, ikiwa hali hiyo imezidi majuma 2, mpeleke kituo cha afya. Na akitaja kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na umfikishe hospitalini siku hiyohiyo. Huko wanaweza kumwandikia rufaa ya kwenda Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ikihitajika.