Safu inayojiongeza maradufu: mbona kipimo kimoja kinachelewa?

*Salamu mwalimu. Niko Busia, naandika programu inayopokea uzito wa malori kutoka mzani na kuhifadhi kila kipimo kwenye safu. Safu ikijaa, naiongeza maradufu. Nikipima muda, naona kuna vipimo vichache vinavyochelewa kuliko vingine vyote, hasa vikishapita laki tano. Chuoni tuliambiwa kuongeza kipimo ni O(1) "kwa wastani". Rafiki yangu anasema niongeze nafasi 1,000 tu kila ikijaa, nisipoteze kumbukumbu. Nimsikilize nani?*

Ndugu yangu, nianze na huyo rafiki, maana ushauri wake naukuta kila mahali na kila anayeutoa hujiona amevumbua kitu. Tofauti yenu ni mstari mmoja:

```c
ujazo = ujazo * 2;      /* wewe */
ujazo = ujazo + 1000;   /* yeye */
```

Tuhesabu vipimo 1,000,000. Wewe ukianza na nafasi 1, unahamisha kipimo 1, halafu 2, halafu 4, hivyo hivyo mpaka uhamisho wa mwisho wa vipimo 524,288. Jumla yake ni 1,048,575, yaani umehamisha mara moja na kidogo tu kwa kila kipimo. Rafiki yako anaanza na nafasi 1,000. Anahamisha 1,000, halafu 2,000, halafu 3,000, mpaka 999,000. Jumla ni 499,500,000. Sasa fikisha vipimo milioni 10: kazi yako inapanda mara 16, yake inapanda mara 100. Akijaribu kwa vipimo elfu mbili, bila shaka ataona programu inakimbia vizuri, na hapo ndipo anapodanganyika.

Kuhusu kumbukumbu ana hoja, sikatai. Mara tu baada ya kukua, karibu nusu ya safu yako iko tupu. Basi punguza kizidisho, lakini endelea kuzidisha: `ArrayList` ya Java hukua kwa nusu ya ujazo wake, sio kwa maradufu, na hesabu bado inasimama.

Sasa hilo neno "wastani", ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwanafunzi akilisikia anadhani ni mambo ya bahati: siku nzuri O(1), siku mbaya Mungu anajua. Hapa hakuna bahati yoyote. Ni gharama iliyogawanywa: jumla ya kazi ya mfululizo mzima, ikigawiwa kila hatua, na jumla hiyo haivuki kiwango chake hata data ije kwa mpangilio gani.

Fikiria kila kipimo kinachoingia kinatozwa shilingi 3. Kuandika kipimo ni shilingi 1, kuhamisha kimoja ni shilingi 1. Safu yako imetoka tu nafasi 8 kwenda 16, na kibubu ni kitupu. Vinaingia vipimo 8 vipya. Kila kimoja kinalipia kuandikwa kwake na kuacha shilingi 2 kibubuni. Safu inapojaa, kibubu kina shilingi 16, na vya kuhamisha ni 16. Deni halitokei kamwe. Kwa rafiki yako, vipimo vipya kati ya uhamisho na uhamisho ni 1,000 tu siku zote, lakini mzigo wa kuhamisha unazidi kukua, kwa hiyo hakuna tozo moja itakayotosha.

Ila kibubu hakiahidi kwamba kila hatua itakuwa ya haraka. Kipimo cha 524,289 ndicho kinachosubiri vile vyote 524,288 vihamishwe, na ndicho unachokiona kikichelewa. Si hitilafu. Kama mzani wako hauwezi kungoja, tenga nafasi mapema kabla lori la kwanza halijapanda. Kwenye C++ ni `v.reserve(1000000)`. Anayekuuzia "O(1)" bila kukuambia habari hii amekupa nusu ya dawa.

Na kuna wale wanaotaka safu ipungue pia, wakaamua ikibaki nusu waikate nusu. Angalia kinachotokea. Ujazo ni 1,024 na umejaa. Ongeza kimoja, safu inakuwa 2,048. Ondoa hicho kimoja, imebaki nusu, inakatwa kurudi 1,024. Ongeza tena, inakua tena. Kila hatua inahamisha vipimo 1,024, na kibubu hakijapata muda wa kujaa. Subiri vibaki robo, yaani 512, ndipo ukate kwenda 1,024. Hapo itabidi uongeze 512 au uondoe 256 kabla uhamisho mwingine haujatokea.